Kuitambua Amazon Fire isiyowaka kwa ukingo, kamera na tundu la chaji

Kishikwambi kikiwa kimezimika, hakina boksi na maandishi ya mgongoni yamefutika, muuzaji anaweza kukitajia mwaka wowote anaoutaka. Umbo lake lakini halibadiliki. Vishikwambi vya Amazon Fire vinatambulika kwa umbo kirahisi kuliko vingi, kwa sababu kampuni ilibadilisha tundu la chaji mwaka mmoja, kisha ikahamisha kamera ya mbele mwaka mwingine, na ilipohamisha kamera ikabadilisha na upana wa ukingo mweusi unaozunguka kioo. Ukivisoma hivyo vitatu kwa pamoja, unapata mwaka. Ukipata mwaka, unapata RAM, prosesa na kioo bila kukiwasha.

Mwongozo huu unachukua Fire HD 10, ya inchi 10.1, maana ndiyo yenye matoleo yanayochanganya watu zaidi. Mwishoni kuna maneno machache kuhusu ndugu zake wadogo na Kindle za kusomea vitabu.

Kabla ya yote, jina

Amazon huhesabu vizazi vyake kwa kufuata mwaka. Vilivyotoka 2017 ni kizazi cha 7, vya 2019 ni cha 9, vya 2021 ni cha 11 na vya 2023 ni cha 13. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: mtu akikwambia "hii ni Fire 7", huenda anamaanisha kishikwambi kidogo cha inchi 7, au huenda aliona mahali pameandikwa kizazi cha 7, na kumbe alichoshika ni HD 10 ya 2017. Muulize ukubwa kwa inchi na mwaka, kila kimoja peke yake. Namba moja bila maelezo haikusaidii.

Hatua ya kwanza: vua kava, safisha tundu, kisha litazame

Vua kava lote. Matoleo ya watoto huuzwa ndani ya kava nene la sponji, na ndani yake mna kishikwambi kilekile cha kawaida cha mwaka huo, kwa hiyo kava halikwambii kitu.

Tazama tundu la chaji kwa tochi ya simu. Tundu la maikro USB lina umbo la trapeza: upande mmoja mpana, wa pili umebanwa pembeni, na chaji inaingia kwa upande mmoja tu. Taipu C ni duaradufu iliyolingana pande zote, na ndani yake kuna kiulimi chembamba katikati. Kwenye HD 10, maikro USB maana yake ni 2017 au nyuma zaidi. Taipu C maana yake ni 2019 au mbele zaidi.

Mambo mawili hudanganya hapa. La kwanza ni kichwa cha sumaku, kile kipande kidogo ambacho watu hukiacha ndani ya tundu ili waya unate wenyewe. Kikikaa muda mrefu na vumbi likajaa pembeni, kinaonekana kama ndiyo tundu lenyewe. Kitoe kwa ncha ya kijiti cha mbao, usitumie sindano, maana sindano hukunja au kuvunja kiulimi cha ndani. La pili ni tundu lililobadilishwa na fundi. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kufunga Taipu C mahali palipokuwa na maikro, lakini plastiki ya pembeni humsaliti: tundu la kiwandani limekaa katikati ya shimo lake na nafasi inayolizunguka ni sawa pande zote. Ukiona shimo limepanuliwa kwa kisu, limechomwa, au kuna gundi iliyokauka, usiliamini tundu hilo. Nenda kwenye kamera na ukingo, ambavyo havibadilishwi kirahisi.

Hatua ya pili: kamera ya mbele iko upande gani

Shika kishikwambi kimesimama, upande mfupi uwe juu. Kamera ya mbele ikiwa juu katikati, yaani kwenye upande mfupi, hicho ni cha muundo wa zamani: HD 10 ya 2015, 2017 au 2019. Kamera ikiwa katikati ya upande mrefu, kiasi kwamba unalazimika kukilaza ili iwe juu, hicho ni cha 2021 au 2023.

Kioo kikiwa kimezimika, tundu la kamera linajificha kwenye weusi wa ukingo. Mulika tochi kwa mshazari, taa iwe karibu kulala juu ya kioo, na utaona duara dogo linalong'aa kwa rangi ya zambarau au bluu. Karibu nalo panaweza kuwa na kitundu kingine cha sensa ya mwanga. Kamera ndiyo yenye lenzi inayorudisha mwanga.

Ukiunganisha hatua hizi mbili, tayari umepunguza sana. Maikro USB na kamera upande mfupi: 2015 au 2017. Taipu C na kamera upande mfupi: 2019 peke yake. Taipu C na kamera upande mrefu: 2021 au 2023. Maikro USB na kamera upande mrefu haipo kwenye HD 10. Ukiipata, ama tundu limeguswa na fundi ama hicho si HD 10.

Hatua ya tatu: pima ukingo

Hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko yote, na rula ya shule inatosha.

Eneo la picha la HD 10 lina urefu wa karibu milimita 217 na upana wa karibu 136. Halijabadilika miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni mwili unaolizunguka. Mwili wa 2015, 2017 na 2019 ni milimita 262 kwa 159. Ukitoa eneo la picha na kugawanya kwa mbili, unabaki na ukingo wa kama milimita 22 kwenye pande fupi na kama 11 kwenye pande ndefu. Yaani juu na chini ukingo ni mpana mara mbili ya pembeni. Mwili wa 2021 ni milimita 247 kwa 166, na hesabu ileile inakupa karibu milimita 15 kila upande. Ukingo umelingana kuzunguka kioo chote. Jicho lililozoea linaona tofauti hiyo kutoka upande wa pili wa meza.

Ili kuona mahali ukingo unapoishia wakati kioo kimezimika, tumia tena mwanga wa mshazari. Eneo la picha huonekana kijivu kidogo na ukingo uliopakwa rangi chini ya kioo ni mweusi tii. Pima pande zote nne. Kwenye toleo la 2017 au 2019 usipime upande mmoja tu ukahitimisha, kwa sababu ukikuta milimita 11 ukadhani pande zote ziko hivyo, utafikiri umeshika kitu kipya chenye ukingo mwembamba.

Ukiwa huna kishikwambi mkononi, una picha tu

Mara nyingi mnunuzi yuko Nansio au Sengerema na kishikwambi kiko mezani Makoroboi, jijini Mwanza. Kabla hujatuma hela au kupanda meli, omba picha mbili. Ya kwanza ni ya mbele, kishikwambi kimelazwa juu ya meza, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, na juu ya kioo kumewekwa lile kadi kubwa la plastiki ambalo laini ya simu hubanduliwa kutoka kwake. Kadi hilo lina ukubwa sawa na kadi ya benki, urefu wa milimita 85.6, ila halina siri za mtu. Picha ya pili ni ya tundu la chaji kwa karibu.

Sasa fungua picha ya kwanza kwenye simu yako. Ikate mpaka mistari ya kukatia iguse kingo nne za kishikwambi, ihifadhi kama nakala, kisha fungua maelezo ya picha usome urefu na upana wake kwa pikseli. Rudi kwenye picha ya mwanzo, kata tena, safari hii uguse kingo za kadi peke yake.

Tuseme muuzaji amesema ni HD 10 ya 2021, RAM GB 3, na bei yake inaendana na maneno hayo. Umekata picha ukapata kishikwambi pikseli 1261 kwa 765, na kadi lina urefu wa pikseli 412. Anza na uwiano wa mwili: 1261 gawanya kwa 765 ni 1.65. Mwili wa 2021 ungekupa karibu 1.49, kwa kuwa 247 gawanya kwa 166 ni 1.49. Mwili wa zamani, 262 gawanya kwa 159, ni 1.65. Tayari hadithi ya 2021 imeanguka. Kisha hakikisha ukubwa: 1261 gawanya kwa 412, zidisha kwa 85.6, unapata milimita 262. Upana nao, 765 gawanya kwa 412 zidisha kwa 85.6, ni milimita 159. Kwa hiyo ni HD 10 kweli, ila ni ya muundo wa zamani. Picha ya pili inaonyesha Taipu C. Basi ni ya 2019: RAM ni GB 2, si 3.

Kadi ni la lazima, maana uwiano peke yake hautofautishi ukubwa. HD 8 ya 2020 ina milimita 202 kwa 137, uwiano wa 1.47, ambao kwenye picha hauna tofauti ya maana na HD 10 mpya. Bila kadi unaweza kuuziwa inchi 8 kwa bei ya inchi 10.

Picha iliyopigwa simu ikiwa imeinama huharibu hesabu. Utaijua kwa kulinganisha pande mbili zinazotazamana: upande wa chini ukionekana mrefu kuliko wa juu, simu ilikuwa imeinama. Kati ya 1.49 na 1.65 kuna nafasi kubwa, kwa hiyo kuinama kidogo hakutakupoteza. Ila ukipata namba ya katikati, tuseme 1.56, usibahatishe. Omba picha nyingine, na umwambie mpigaji asogee juu zaidi kisha avute kwa zumu, maana picha ya karibu sana hupotosha kingo.

Wakati matoleo mawili yamebaki

Ukibaki na 2015 au 2017, pima unene. Ya 2015 ni nyembamba, milimita 7.7. Ya 2017 ni milimita 9.8. Usiipuuze tofauti hii, kwa sababu mwili wa mbele ni uleule wa 262 kwa 159 na tundu ni lilelile, lakini ya 2015 ina RAM ya GB 1 na kioo cha pikseli 1280 kwa 800, wakati ya 2017 ina GB 2 na kioo cha 1920 kwa 1200. Fundi anayeagiza kioo Kariakoo kwa jina la "Fire HD 10 ya maikro" anaweza kuletewa kisichoingiliana kabisa na alichonacho.

Ukibaki na 2021 au 2023, unene ni milimita 9.2 dhidi ya 8.6, na uzito ni gramu 465 dhidi ya karibu 434. Tumia uzito, si unene. Betri ya kishikwambi kilichokaa bila chaji miezi mingi huweza kuvimba, na uvimbe wa nusu milimita tu unatosha kuifanya ya 2023 ionekane ya 2021. Betri iliyovimba haiongezeki uzito. Ukilazimika kupima unene, pima kwa vernia kwenye kona, kamwe si katikati ya mgongo, na mgongo ukiwa umeumuka usiubane wala usijaribu kuuchaji. Mizani iwe ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mizani ya dagaa pale Mwaloni Kirumba haitakuonyesha tofauti ya gramu 31. Toa kadi ya kumbukumbu na kibandiko cha kulinda kioo kabla ya kupima, kwani kibandiko cha kioo kigumu kina uzito wake.

Ya 2021 ina pacha wake anayeitwa HD 10 Plus, mwenye RAM ya GB 4 badala ya 3. Kwa mbele hawatofautiani. Plus huchajiwa pia bila waya, kwa hiyo kilaze juu ya chaja isiyo na waya uone kama chaja inakitambua.

Maandishi ya mgongoni, kama yamebaki

Chini ya mgongo kuna mstari mdogo wa namba ya modeli. Kwenye HD 10 ya 2017 ni SL056ZE, ya 2019 ni M2V3R5, ya 2021 ni T76N2B. Mara nyingi yanaonekana kama yamefutika, kumbe yamefifia tu. Futa mafuta ya mikono kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mulika kwa mshazari, piga picha kisha uongeze weusi kwenye picha. Soma polepole: sifuri na herufi O, 5 na S, 8 na B hubadilishana kwa urahisi. Namba uliyoisoma lazima ikubaliane na tundu, kamera na ukingo. Ikigombana navyo, mgongo huo umetolewa kwenye kishikwambi kingine, na hapo sehemu ya mbele ndiyo inayosema kuhusu kioo, ila ubao wa ndani huwezi kuujua mpaka kiwake.

Kikipata chaji na kuwaka

Fungua mipangilio, nenda sehemu ya chaguo za kifaa, utaona modeli na kizazi vimeandikwa. Kikiwaka lakini kioo kimepasuka hakionyeshi kitu, na aliyekuwa nacho alishawasha ruhusa ya watengenezaji programu na kuikubali kompyuta yako, kiulize kwa waya, kwa kutumia programu ya adb ya kwenye kompyuta:

```
adb devices
adb shell getprop ro.product.model
```

Jibu litakuwa neno moja linaloanza na KF. KFTBWI ni HD 10 ya 2015, KFSUWI ya 2017, KFMAWI ya 2019, KFTRWI ya 2021, KFTRPWI ni Plus ya 2021, na KFTUWI ni ya 2023. Neno hilo ndilo la kutafutia sifa kamili, kwa sababu Amazon wenyewe wana ukurasa wa watengenezaji programu unaoorodhesha kila modeli kwa neno hilo, pamoja na RAM, prosesa na toleo la mfumo. Kutafuta kwa "Fire HD 10" pekee kutakuletea sifa za toleo jipya zaidi, na ndivyo wauzaji wengi wanavyonakili sifa zisizo za mzigo wao bila hata kukusudia.

HD 8 na Fire 7

HD 8 inafuata nyayo zilezile, ila kila kitu kilibadilika kwa mkupuo mmoja mwaka 2020. Ya 2018 ni milimita 214 kwa 128, maikro USB, kamera upande mfupi, RAM GB 1.5. Ya 2020 ni 202 kwa 137, Taipu C, kamera upande mrefu, RAM GB 2. Kwa hiyo HD 8 yenye Taipu C na kamera upande mfupi inatakiwa ikutie shaka. Tofauti ya 2020 na 2022 kwa umbo ni ndogo mno, tafuta namba ya modeli.

Fire 7 inamalizwa na tundu: Taipu C ni ya 2022 yenye RAM GB 2. Maikro ni ya nyuma yake, GB 1, na leo inachoka hata kwa programu za kawaida.

Kindle za vitabu

Hapa hakuna kamera ya kuangalia, na kioo haking'ai kama cha simu. Usidanganyike ukiona picha au maandishi kwenye kioo cha Kindle ukadhani imewaka: kioo cha wino wa kielektroniki hubaki na picha ya mwisho hata betri ikiwa imekufa.

Kwa Paperwhite, pitisha ukucha kutoka kwenye ukingo kuelekea katikati ya kioo. Ukucha ukishuka kama unatelemka ngazi, kioo kimezama chini ya ukingo, na hiyo ni ya 2012, 2013 au 2015. Mgongoni ikiwa imeandikwa Kindle ni ya 2012. Ikiwa ni Amazon, ni mojawapo ya hizo mbili za mbele, na kuzitenganisha inabidi uiwashe usome namba yake. Ukucha ukiteleza bila kukwama na tundu likiwa maikro, kioo cha inchi 6, ni ya 2018, yenye nafasi ya GB 8 kwenda juu na isiyoogopa maji. Ukucha ukiteleza na tundu likiwa Taipu C, kioo kikipima inchi 6.8 ni ya 2021, kikipima inchi 7 ni ya 2024. Pima kioo kutoka kona hadi kona, milimita 173 kwa ya kwanza na 178 kwa ya pili. Kindle ya kawaida ya 2022 nayo ina Taipu C, lakini kioo chake ni cha inchi 6 na kimezama, kwa hiyo ukucha utaitofautisha mara moja.

Kisichoonekana kwa nje

Nafasi ya kuhifadhia, kama vile GB 32 au 64, haionekani popote kwenye umbo la HD 10. Kama bei imewekwa kwa GB 64, kiwashwe ndipo ulipe. Vilevile akaunti ya mwenye awali: kishikwambi au Kindle iliyoripotiwa kuibiwa inaweza kufungiwa na Amazon isisajiliwe tena, hata kama kila kipimo ulichochukua kiko sawa. Mwambie muuzaji aiondoe akaunti mbele yako, au akurekodie video wakati anaiondoa, kabla hela haijatoka.